Wakubwa wakiwa wengi, nani atakopesha?

Mhariri,

Makala yenu ya juzi iliyoshangilia mwisho wa ubabe wa taifa moja imenitoa kwenye kimya cha miaka mingi. Mwandishi wenu anadai dunia ya wakubwa kadhaa itatulia yenyewe kwa kuwa kila mmoja atamzuia mwenzake. Kuzuiana watazuiana, sikatai. Gharama ya utulivu ataibeba nani?

Niliuliza swali hilohilo kwenye kongamano mwaka jana. Mwenyekiti akaniambia, "Mzee, hayo ni ya uchumi, hapa tunajadili usalama," akampa mwingine kipaza sauti. Ukumbi ukacheka.

Basi wacheke na hili. Mei 1931 Creditanstalt, benki kubwa kuliko zote Austria, ilitangaza hasara ya kutisha na wenye amana wakaanza kuzikimbiza fedha zao. Miezi miwili kabla, Austria na Ujerumani zilikuwa zimetangaza mpango wa umoja wa forodha. Ufaransa, iliyokuwa na dhahabu tele, ikaona Ujerumani inajitanua, ikadai mpango ufutwe ndipo itoe mkopo. Kwa hesabu za mizania ya nguvu, yaani wakubwa kuzuiana wasizidiane, hapo Ufaransa haikukosea hata chembe, na kweli Septemba mpango ulifutwa! Lakini mkopo wa muda mfupi wa Benki Kuu ya Uingereza haukutosha, Julai benki za Ujerumani zikafunga milango, na tarehe 21 Septemba Uingereza yenyewe ikaacha kuifunga thamani ya pauni yake kwa dhahabu. Kila mkubwa alilinda maslahi yake, wote wakazama. Mwanauchumi Charles Kindleberger alieleza baadaye kwamba Uingereza haikuwa tena na uwezo wa kuushikilia mfumo, na Marekani iliyokuwa na uwezo haikutaka. Ndiyo mbegu ya nadharia kwamba uchumi wa dunia huhitaji taifa moja lenye misuli ya kukopesha pale wengine wanapokimbia, na kuacha soko lake wazi pale wengine wanapofunga yao.

Mbabe naye si malaika. Agosti 1971 Rais Nixon wa Marekani alisitisha kubadilisha dola kwa dhahabu bila kuwauliza washirika wake. Mwaka 2003 Marekani iliivamia Iraki huku Ufaransa, Urusi na Ujerumani zikipinga, na hakuna aliyeweza kuizuia. Kinga ya mambo kama hayo ndiyo inayotafutwa kwenye mizania ya nguvu. Dhamana ya benki haipatikani humo.

Na hili linatokana na gazeti lenu lenyewe: kurasa za siasa za kimataifa na za uchumi zinaandikwa kana kwamba waandishi wake hawasalimiani. Vifaru huku, riba kule, na katikati tangazo la magodoro.

Napendekeza kila atakayesifia dunia ya wakubwa wengi atanguliwe na kisanduku cha mistari mitatu kinachotaja nani atakopesha benki kubwa zikianguka, kwa sarafu ipi, na kwa masharti ya nani. Kisanduku kikibaki kitupu, kichapisheni hivyohivyo.

Msomaji wenu wa siku nyingi