YAH: Ombi la kulipa kwa awamu, na malalamiko juu ya ankara ya mama yangu

Kwa Mhasibu Mkuu,
Ofisi ya Uhasibu, Hospitali.

Ndugu,

Nakuandikia kwa heshima, ingawa heshima hiyo mimi na mama yangu hatukuipata dirishani kwenu. Naomba kulipa deni la matibabu yake ya upasuaji wa kibofu cha nyongo kwa awamu 12 za kila mwezi, zilizo sawa, kila tarehe 5, kwa sababu mshahara wangu huwa umeshaingia kufikia siku hiyo. Sikatai deni. Mama alitibiwa, na madaktari na wauguzi wa wodi walimhudumia vizuri. Utaratibu wa kulipa kwa awamu mnao, na fomu yake mnayo, kwa hiyo sitapoteza muda kukueleza jambo unalolijua kuliko mimi.

Nilichokuja kuomba siku ile kilikuwa hicho tu: fomu. Keshia aliichukua ankara mkononi mwangu, akaisoma kwa sauti kupitia kipaza sauti cha dirishani, jina la mama, upasuaji aliofanyiwa, na kiasi chote cha deni, foleni nzima ikisikiliza. Kisha akasema, "Nyie mnatibiwa kwanza, mnalia baadaye. Kama uwezo huna, ungempeleka kwingine." Mama alikuwa kwenye kiti cha magurudumu nyuma yangu, plasta ya dripu bado iko mkononi. Aligeuza uso ukutani.

Sasa tuje kwenye ankara yenyewe, kwa sababu niliisoma mstari kwa mstari baada ya kuidai mara kadhaa. Mwanzoni mlinipa karatasi yenye jumla tu: "dawa", "maabara", "wodi". Jumla ya namna hiyo haikaguliki na mtu yeyote. Ankara yenye mchanganuo ndiyo iliyonionyesha kwa nini deni limevimba.

Chukua sindano za metronidazoli. Ankara inaonyesha chupa 12. Daktari aliandika sindano moja kila baada ya saa 8, yaani 3 kwa siku, na famasi ikatoa za siku 4 kwa mkupuo. Lakini mama aliichomwa ya kwanza Jumanne saa nane mchana, na Alhamisi baada ya sindano ya saa nane mchana daktari alimhamishia kwenye vidonge. Hesabu mwenyewe: Jumanne 2, Jumatano 3, Alhamisi 2. Ni 7. Karatasi ya dawa iliyokuwa miguuni pa kitanda chake ina saini 7 za wauguzi, si 12. Chupa 5 zilizobaki muuguzi alizirudisha famasi mbele ya macho yangu, zikiwa na vizibo vyake. Mfumo wenu unatoza dawa inapotoka dirisha la famasi, si inapoingia mwilini mwa mgonjwa, na zinaporudi hakuna anayefuta. Linganisheni karatasi ya dawa na ankara, mtaona.

Na maabara ni hivyo hivyo. Jumanne asubuhi alitolewa damu kichupa kimoja kwa ajili ya picha nzima ya damu. Kipimo hicho kimetozwa, sawa. Chini yake, kwa saa ile ile na namba ile ile ya sampuli, mmetoza tena himoglobini, chembe nyeupe na chembe sahani, kila kimoja na bei yake. Hivyo vitatu ni sehemu ya picha nzima ya damu. Mashine inavitoa vyote kwa mara moja kutoka kwenye kichupa kile kile. Mmeuza kitu kizima, kisha mkauza vipande vyake.

Halafu kuna malipo ya awali. Usiku wa kumlaza tulitakiwa kulipa kwanza kabla hajapandishwa wodini, na tulilipa. Risiti ninayo. Kwenye ankara hayapo kabisa. Ukitazama risiti utaona imeandikwa namba ya mapokezi ya dharura, wakati ankara imetolewa kwa namba ya wodi. Fedha ipo kwenu, imekaa kwenye namba ambayo hakuna aliyeiunganisha na nyingine. Nilimwonyesha keshia risiti hiyo. Hakuitazama. Alikuwa ameshaanza kusoma kwa sauti.

Ndiyo, narudi hapo, kwa sababu siwezi kupita. Nilikuwa na risiti mkono mmoja na ankara mkono mwingine. Nilisema kwa sauti ya chini, "Dada, naomba fomu ya kulipa kidogo kidogo." Alikuwa na uwezo wa kunijibu kwa sauti ile ile. Alibonyeza kitufe cha kipaza sauti. Alitaja kibofu cha nyongo cha mama yangu mbele ya watu tusiowajua, kisha akatuambia tungeenda kwingine, na mtu mmoja kwenye foleni akacheka. Mama hajawahi kudaiwa hadharani maishani mwake. Tangu siku hiyo anakataa kurudi kuangaliwa kidonda, anasema atapona nyumbani. Siri ya mgonjwa haiishii mlangoni kwa daktari. Keshia naye anaibeba.

Kwa hiyo ombi langu limebadilika, na naomba lisomwe kama lilivyo.

Kwanza, mistari hiyo ya sindano, vipimo na malipo ya awali isimamishwe hadi ikaguliwe, na nipewe ankara iliyosahihishwa. Kiasi kisichobishaniwa ndicho kigawanywe, si jumla iliyopo sasa. Nilipoingia dirishani nilikuwa tayari kwa miezi 12. Baada ya haya nataka 18, bila riba wala faini ya kuchelewa, kwa sababu ucheleweshaji huu mmeusababisha ninyi. Makubaliano yawe ya maandishi, yenye saini yako na yangu, yakieleza kwamba kulipa awamu moja si kukubali mistari ninayoibishia. Kila risiti ionyeshe salio lililobaki.

Pili, deni hili lisipelekwe kwa wakala wa kukusanya madeni wakati ukaguzi unaendelea. Jana nilipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha hivyo, akijua hata wodi aliyolazwa mama. Nani alimpa habari hizo? Nataka jibu la swali hilo kwa maandishi.

Tatu, keshia yule amwombe mama yangu radhi, kwa barua yenye saini yake na ya msimamizi wake. Mimi nisiombwe radhi, aombwe mama.

Nakupa siku 14 tangu upokee barua hii. Zikipita kimya, nakala ya ankara, risiti, na karatasi ya dawa zitakwenda kwa mamlaka inayosimamia hospitali na kwa mwanasheria, pamoja na maelezo ya kilichosemwa kwenye kipaza sauti kile. Foleni ilikuwa ndefu na mashahidi wapo. Nikipigiwa simu nyingine na wakala kabla ya hapo, sitasubiri siku hizo 14 zitimie.

Awamu ya kwanza nitailipa tarehe 5 ijayo kwa kiasi kisichobishaniwa, hata kama hamjanijibu, na nitadai risiti. Sitailipa kwenye dirisha lile. Nielekezeni pa kulipia.

Wako,
Mtoto wa mgonjwa na mdhamini wa deni