Mabano Kwenye Fomula ya Mrabaha: Tunavyotafsiri Mikataba ya Uchimbaji

Wateja wengi wanaotuletea mikataba ya uchimbaji hapa Mombasa ni wanakamati wa vijiji vya Kwale na Kilifi, au mawakili wao. Swali lao la kwanza huwa moja: tutapata ngapi? Kwa Sheria ya Madini ya 2016, asilimia 70 ya mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa madini anayoyatoa, huenda Serikali ya Kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya eneo la uchimbaji. Mgao huo unaeleweka. Kazi ipo kwenye kujua mrabaha wenyewe ni kiasi gani, na hilo hutegemea fomula ambayo mara nyingi imefichwa kwenye jedwali la mwisho.

Tuchukue mfano wa kubuni, ila umejengwa kama mikataba ilivyo. Mkataba unasema mrabaha ni asilimia 5:

```
R = 5% x (P x Q - D)
```

P ni bei kwa tani, Q ni kiasi kilichouzwa, D ni gharama zinazokatwa. Robo hii mchimbaji amepakia tani 10,000 za mchanga wa titani, bei ni dola 200 kwa tani, na gharama zinazokatwa ni dola 300,000.

Sasa mtu aitafsiri hivi: "asilimia 5 ya thamani ya mauzo, ukiondoa gharama zinazokatwa." Ni Kiswahili kizuri, lakini kina maana mbili. Je, gharama zinaondolewa kwenye mauzo kabla ya kupiga asilimia, au kwenye ile asilimia yenyewe? Maana ya pili inamfanya mchimbaji asilipe chochote, kwa sababu asilimia 5 ya mauzo ni dola laki moja tu na gharama ni laki tatu. Mabano ndiyo yanayoamua, na sentensi haina mabano. Kwa hiyo sisi huandika: "Kwanza, toa Gharama Zinazokatwa kwenye Thamani ya Mauzo. Kisha piga asilimia 5 ya kinachobaki." Fomula nayo tunaiacha palepale chini yake, na herufi zake zilezile, maana ndizo mtakazoziona kwenye taarifa ya malipo ya kila robo.

Tuendelee na Q. Ukurasa wa fasili unasema "Kiasi" ni tani kavu. Madini hupimwa yakiwa na unyevu, na unyevu ukiwa asilimia 5, tani 10,000 zinabaki 9,500. Hesabu sahihi basi ni 9,500 mara 200, yaani dola 1,900,000. Ondoa 300,000, zibaki 1,600,000. Asilimia 5 yake ni dola 80,000. Fungu la jamii ni dola 8,000. Aliyesoma tafsiri iliyoandika "tani" pekee atapata 8,500, na ataenda mkutanoni kudai dola 500 ambazo mkataba haukuziahidi. Ugomvi wa namna hiyo unaumiza, kwa sababu hakuna aliyedanganya.

Ndiyo maana neno lililofafanuliwa tunaliandika kwa herufi kubwa na kwa umbo moja kila linapotokea. Tukishaita "Thamani ya Mauzo", hatutaandika "mapato" kifungu cha mbele ili lugha ipendeze. Na P tunaifuatilia hadi mwisho: ikiwa imefafanuliwa kuwa bei ya madini yakishapakiwa melini, nauli ya bahari haimo ndani yake. Tukiikuta nauli hiyohiyo kwenye orodha ya D, tunaweka alama kando, wakili wenu aiulizie. Kuirekebisha si kazi yetu.

Jedwali la wajibu linahitaji uangalifu wa aina nyingine. "Kampuni itachimba kisima" kwa Kiswahili inaweza kusikika kama habari ya kesho tu. Pale nakala ya asili inapolazimisha, tunaandika "Kampuni inawajibika kuchimba kisima", pamoja na tarehe na mahali. Pale inapotaka juhudi tu, tunaandika "itafanya juhudi za kadiri inayofaa", hata kama msomaji angependa tuandike kali zaidi. Katika Kwale, ambako uchimbaji mkubwa wa titani ulikoma mwishoni mwa 2024, wajibu wa kurudisha ardhi katika hali yake ni miongoni mwa yale yanayosomwa kwa makini baada ya mashine kuondoka.

Kabla ya kukabidhi kazi, mtu wa pili ofisini huchukua tafsiri peke yake, bila asili, na kukokotoa mrabaha kwa tarakimu za kubuni. Jibu lake lisipolingana na lile la asili, tunarudi kwenye sentensi.

Mkija, leteni majedwali yote na marekebisho yote yaliyotiwa saini, si mwili wa mkataba peke yake. Na angalieni kifungu cha lugha: kikisema toleo la Kiingereza ndilo litakalofuatwa panapotokea tofauti, tafsiri yetu itawasaidia kuelewa na kujadiliana, lakini mahakamani litasomwa lile la Kiingereza.