Mhandisi ametambuliwa, kibali hakijamtambua

Bwana Mhariri,

Nimekuwa msomaji wako wa muda mrefu nisiye na tabia ya kuandika barua, lakini ile taarifa yenu ya kwamba wahandisi wa Afrika Mashariki sasa wanafanya kazi popote wapendapo imenishinda kuinyamazia. Mimi ni mhandisi wa majengo niliyesajiliwa na bodi ya Kenya, na nimeyapitia mambo hayo mwenyewe.

Makubaliano mliyoyasifu, ya wahandisi kutambuliana usajili, yalitiwa saini mwaka 2012 na bodi za usajili wa wahandisi za Kenya, Tanzania na Uganda, na Rwanda ikajiunga baadaye. Wenye kuahidiana ni bodi. Mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa kwao akipeleka cheti chake pamoja na barua ya bodi yake kuthibitisha kwamba hana shauri la nidhamu, bodi ya pili humsajili bila kumrudisha kwenye mafunzo ya vitendo aliyokwisha kuyapitia. Ada atalipa, kanuni za huko zitamfunga, na akikosea atawajibishwa huko. Hilo ni jambo jema na kwangu lilikwenda vizuri. Lakini Idara ya Uhamiaji haimo katika saini hizo, wala Kamishna wa Kazi hayumo.

Mwajiri mmoja wa Tanzania alinipa mkataba wa mwaka mmoja kusimamia ujenzi wa ghala. Usajili wa bodi ulipotoka nilidhani yaliyobaki ni kufunga mizigo. Kumbe sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wageni inataka kibali cha kazi kwanza, kisha kibali cha ukaazi, kila kimoja na mamlaka yake, na inamtaka mwajiri aeleze namna raia atakavyofundishwa hadi airithi kazi ya mgeni. Karani niliyemkabidhi makabrasha alikitazama cheti changu kipya cha bodi, akakigeuza nyuma kana kwamba jibu lilikuwa upande wa pili, akasema kwa upole, “Hiki kinasema wewe ni mhandisi, mzee wangu. Hatujabisha.” Kisha akadai uthibitisho kwamba kazi ile ilitangazwa na akakosekana Mtanzania wa kuifanya. Sasa niambie, Mhariri: kama mlango unafunguliwa pale tu anapokosekana mwenyeji, huko kutambuliwa kumenipa nini ambacho mhandisi wa kutoka bara jingine hana, mbali na kupunguziwa safari za kwenda kwenye bodi? Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inasema kwamba mwenye mkataba wa zaidi ya siku 90 aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu kuusaini, na mamlaka imjibu ndani ya siku 30. Mimi niliomba kwa wakati. Jibu lilipokuja nguzo za ghala zilikuwa zimekwisha kumwagwa zege, na mwajiri, ambaye simlaumu hata kidogo, alikuwa amemchukua mtu mwingine.

Wala tusijisafishe sisi wa upande huu. Kenya ilifuta ada ya kibali cha kazi kwa raia wa Jumuiya, tukajipigia makofi, lakini kibali chenyewe bado kinaombwa na bado kinaweza kukataliwa.

Tena mimi ni mwenye bahati, kwa kuwa makubaliano hayo yanamtaja mhandisi mtaalamu. Fundi sanifu wangu, anayepima mshuko wa zege na kuhesabu nondo kabla mbao za kumwagia zege hazijafungwa, hayumo. Mhandisi mhitimu ambaye bado yuko chini ya usimamizi hayumo pia. Kampuni ya ushauri nayo si mtu: hata wahandisi wake wote wakitambuliwa, yenyewe itasajiliwa upya kwa masharti ya umiliki ya kila nchi. Kwa hiyo navuka peke yangu, sina timu wala kampuni. Wahasibu na wasanifu majengo walipata makubaliano yao mwaka 2011, na madaktari wa mifugo mwaka 2016. Mawakili wamejadiliana miaka nenda miaka rudi. Kila taaluma inasubiri zamu yake, na yeyote asiye na bodi hana wa kumsemea.

Pendekezo langu ni dogo. Ofisi ya vibali ikipokea maombi ya mhandisi aliyekwisha kusajiliwa na bodi ya nchi hiyo, imwandikie stakabadhi yenye tarehe, na siku ya 31 ikifika bila jibu, stakabadhi hiyo iwe ndiyo kibali mpaka jibu litakapopatikana. Nanyi, mkiandika tena kwamba mipaka imefunguka, tafadhali mtumeni mwandishi mmoja akapange foleni kwenye dirisha la vibali akiwa na cheti cha bodi mkononi, na habari yake msiichape kabla hajarudi.

Mhandisi wa majengo,
Mombasa