Barua kwa Furaha, kabla ya Alhamisi

Lubumbashi, Jumapili jioni

Furaha, dada yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Unasema usaili ni Alhamisi saa tatu asubuhi, kazi ya msaidizi wa depo, na kwamba umeandika majibu kurasa sita, unayakariri usiku. Nakuomba uziweke kando hizo karatasi leo hii.

Jibu lililokaririwa neno kwa neno ni shanga za uzi mmoja: ukikatika, zote zinamwagika. Hofu inabana ile nafasi ndogo ya akili tunayotumia kushika mambo mawili matatu kwa wakati mmoja. Unaitafuta sentensi ya tatu, haiji, na kwa sababu ya nne imefungwa kwenye ya tatu, nayo haiji. Kichwa kinabaki kitupu, ingawa kazi yenyewe unaijua.

Kariri vichwa vya mambo, si sentensi. Chukua swali ambalo mtu wa depo karibu lazima aulizwe: ukihesabu ukakuta mali hailingani na fishi ya stoki, utafanya nini? Kwenye kikaratasi andika maneno manne: hesabu, boni, mkubwa, ripoti. Tuseme fishi inaonyesha mifuko 240 ya unga, nawe umeona 236. Kwanza unahesabu tena na mtu wa pili, safu kwa safu, maana mara nyingi macho ndiyo yaliyokosea. Kisha unapitia boni zote za kuingiza na kutoa tangu hesabu ya mwisho. Huenda kuna boni ya mifuko 4 iliyotoka bila kuandikwa kwenye fishi. Tofauti ikibaki, unamjulisha mkubwa wako siku ileile. Mwisho mnaandika ripoti, mnatia sahihi wote wawili, na tarakimu ya zamani kwenye fishi haifutwi. Ukisahau neno moja, matatu yamebaki na jibu bado linasimama. Hata wakiligeuza swali wakauliza habari za wizi, maneno ni yaleyale.

Tengeneza vikaratasi vinne tu vya namna hiyo, na kimoja kiwe cha staji yako ya pale famasi. Usiseme huna uzoefu. Ulipokea makatoni, ulisoma tarehe za kuisha kwa dawa, ulitanguliza mbele zinazoisha mapema: hiyo ni kazi ya depo. Sentensi moja pekee ndiyo uikariri kabisa, ile ya kwanza ya kujitambulisha, kwa sababu mwanzo ndipo moyo unapodunda zaidi.

Jizoeze kwa sauti, na kwa Kifaransa, maana ndicho watakachokuuliza. Wazo litakuja kwa Kiswahili haraka, halafu ulimi ukwame kwenye jina la kitu kidogo. Kusoma kimyakimya hakukuonyeshi pale utakapokwama. Mpe mdogo wako maswali ayavuruge, akuulize ukiwa ndiyo kwanza umepanda kile kilima cha Kadutu na pumzi iko juu. Mwili ujifunze kujibu huku moyo unaenda mbio.

Kuhusu mdomo kukauka: ukiogopa, mwili unapunguza mate na yanayobaki yanakuwa mazito, ukihemea mdomoni, unaongeza ukavu. Funga mdomo, pumua kwa pua. Beba chupa ndogo ya maji, unywe funda moja moja. Ukimaliza lita nzima ukiwa unangoja, utaingia ukiwaza choo. Kahawa iache asubuhi hiyo kama huizoei, itazidisha mapigo na kutetemeka kwa mikono. Kwenye benchi vuta pumzi ukihesabu hadi nne, itoe polepole hadi sita, kwa dakika tano. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta ndiko kunakopunguza mwendo wa moyo. Hofu haitaisha yote, lakini sauti itatulia.

Na kichwa kikiwa kitupu mbele yao? Usijaze nafasi kwa maneno yoyote tu, hapo ndipo watu hujipoteza. Rudia swali kwa maneno yako, uombe sekunde chache za kufikiri, na maombi hayo uwe umeyazoea kwa Kifaransa. Gusa kidole gumba, useme neno la kwanza la kikaratasi, halafu kidole kinachofuata. Kimya cha sekunde tano kwako ni kirefu mno. Wao wakati huo wanaandika. Kama swali hulielewi, omba wakurudilie. Kama jambo hulijui, sema hulijui, na ueleze ungemuuliza nani.

Jumatano weka nguo, diploma na kopi zake tayari, ulale mapema. Ondoka nyumbani saa moja na nusu, mvua ikinyesha barabara ya kushuka Ibanda inajaa matope.

Alhamisi jioni niandikie maswali yote waliyouliza, hasa lile lililokukwamisha.

Ni mimi dada yako,
Nsimire