Sura ya Mkazo na Mnyumbuko: Tunavyoifupisha

Wanafunzi wa ufundi mitambo wanaotuletea sura hii tuwafupishie hudhani kanuni ndizo zinazowasumbua. Kanuni zenyewe ni tatu tu. Mkazo ni nguvu kugawanya kwa eneo, σ = F/A. Mnyumbuko ni urefu ulioongezeka kugawanya kwa urefu wa awali, ε = ΔL/L, na hauna kizio. Moduli ya Young, E, huviunganisha viwili hivyo: σ = Eε.

Mchoro wa mkazo dhidi ya mnyumbuko tunauandika kwa maneno, mwanafunzi auchore mwenyewe. Chuma laini huanza na mstari ulionyooka unaopanda kwa kasi. Ukiondoa mzigo hapo, chuma kinarudi urefu wake. Kikifika karibu 250 MPa mstari unashuka kidogo na kulala: chuma kinarefuka bila mzigo kuongezeka, na hakirudi tena. Halafu unapanda polepole hadi kilele, kisha unashuka hadi chuma kikatike. Unashuka kwa sababu chuma kimebonyea kiunoni, ilhali sisi bado tunagawanya kwa eneo la awali. Chuma cha kalibu hakina sehemu ya kulala. Kinakatika ghafla, bila kukuonya.

Sasa hesabu. Nondo laini ya kipenyo cha mm 12 na urefu wa m 2 inaning'iniza kN 20. Tunaweka kila kitu katika N na mm, maana N/mm² ndiyo MPa; hivyo E ya chuma, 200 GPa, inaandikwa 200000.

```
A = π × 12² / 4 = 113.1 mm²
σ = 20000 / 113.1 = 176.8 N/mm²
ε = 176.8 / 200000 = 0.000884
ΔL = 0.000884 × 2000 = 1.77 mm
```

Kosa tunalokutana nalo sana ni kuiacha E ikiwa 200, kwa kuwa kitabu kimeandika 200 GPa. Mnyumbuko unatoka 0.884, yaani nondo ya mita mbili imerefuka mita 1.77! Ukiandika vizio kando ya kila namba, GPa chini ya MPa inaonekana mara moja.

Lakini vizio havikamati kila kosa. Aliyesahau kugawanya kwa 4 anapata mm² 452 na mkazo wa 44 MPa, vizio vyote vikiwa sahihi. Huyo tunamwambia achore mraba kuzunguka duara: 12 × 12 ni 144, na duara haliwezi kuzidi mraba wake.

Kitu kimoja hatukifupishi kamwe, hata mteja akitaka ukurasa mmoja: kukagua mahali ambapo eneo ni dogo kabisa. 250, mkazo ambao chuma huanza kulala, kugawanya kwa 176.8 ni 1.41, na wengi huishia hapo wakiamini nondo iko salama. Ikiwa ncha yake imekatwa thredi za M12 ili ifungwe nati, eneo linalobeba mzigo pale ni mm² 84.3. Mkazo unapanda hadi 237 MPa, na 1.41 inabaki 1.05.