Mkopo wa karo uliotolewa kwa mihula minane: deni ni Sh409,600, si Sh423,171.52

Kisumu,
10 Septemba 2025

Kwa Meneja wa Mikopo,
Tawi la Kisumu.

Bwana/Bibi Meneja,

KUH: RIBA JUU YA RIBA NA ADA ZILIZOZIDI KATIKA MKOPO WA KARO

Tunaandika tukiwa watatu: mkopaji aliyemaliza shahada yake mwaka huu, pamoja na wadhamini wake wawili. Stetimenti mliyotutumia inasema kwamba hadi tarehe 31 Agosti 2025 mkopaji anadaiwa Sh423,171.52. Tumeihesabu upya mstari kwa mstari tukiwa na mkataba mkononi. Deni ni Sh409,600. Mbali na hilo, akaunti ya akiba ya mkopaji imekatwa ada inayozidi ile ya mkataba kwa Sh26,728.23.

Kwanza tuseme tusilolipinga, ili tusipotezeane muda. Riba ya asilimia 12 kwa mwaka tuliikubali na kuitia sahihi. Tunajua HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, hutoza asilimia 4, lakini huu haukuwa mkopo wa HELB na hatuombi ugeuzwe uwe hivyo. Tarehe za malipo nazo ni sahihi: kila Septemba mosi na kila Januari mosi kuanzia Septemba 2021 hadi Januari 2025, Sh40,000 ziliingia katika akaunti ya chuo, na risiti zote nane tunazo. Hatupingi pia kwamba riba ilianza kuhesabiwa siku ile ile pesa zilipoingia chuoni. Ndivyo mkopo wa awamu unavyofanya kazi, na ndiyo sababu awamu ya kwanza ni ghali kuliko ya mwisho: imekaa miezi 48, ilhali ya mwisho imekaa miezi 8 tu.

Ugomvi wetu uko kwenye kifungu cha 6 cha mkataba. Kinasema riba itahesabiwa kwa kila awamu peke yake, asilimia 1 kwa mwezi juu ya kiasi kilichotolewa, na kwamba riba hiyo itajumlishwa kwenye deni mara moja tu, siku kipindi cha masomo kinapokwisha. Maana yake ni kwamba kila Sh40,000 huzaa Sh400 kwa mwezi, mwezi wa kwanza na mwezi wa arubaini, bila kubadilika. Awamu zilikaa miezi 48, 44, 36, 32, 24, 20, 12 na 8. Jumla yake ni miezi 224. Zidisha kwa Sh400 upate riba ya Sh89,600, kisha ongeza Sh320,000 zilizokwenda chuoni. Hesabu hii haihitaji kompyuta, na karani yeyote wa tawi lenu anaweza kuirudia kwa kikokotoo cha simu.

Sasa tazameni kilichofanyika siku ya awamu ya pili. Hii ni mistari mitatu kutoka stetimenti yenu wenyewe:

```
01/01/2022  LOAN PAYOFF   41,600.00
01/01/2022  LOAN DISB     81,600.00
01/01/2022  PROC FEE       1,632.00
```

Siku hiyo chuo kilipokea Sh40,000. Lakini mfumo wenu unaonyesha mkopo wa Sh81,600 umetolewa, na mwingine wa Sh41,600 umelipwa ukaisha. Mkopo huo uliolipwa ni ile awamu ya kwanza pamoja na riba yake ya miezi minne, Sh1,600. Kwa maneno mengine, awamu ya pili haikuingizwa kama awamu. Iliingizwa kama topapu: mkopo wa zamani ukafungwa, ukafunguliwa mpya wenye namba mpya, na riba ya zamani ikavishwa kanzu ya mkopo. Kuanzia hapo ile Sh1,600 nayo ikaanza kuzaa. Kwa miezi minane hadi Septemba 2022 mlitoza riba ya Sh6,528 mahali palipostahili Sh6,400. Tofauti ni Sh128, ambayo ni asilimia 8 ya Sh1,600, wala si zaidi.

Sh128 si kitu cha kuandikia barua. Tatizo ni kwamba jambo hilo lilirudiwa mara saba, na kila mara riba iliyomezwa ilikuwa kubwa kuliko ya awali. Januari 2025, chuo kilipopokea Sh40,000 za mwisho, kitabu chenu kilisoma mkopo wa Sh391,825.48, ingawa pesa zilizotoka kwenu tangu mwanzo ni Sh320,000. Miezi minane iliyofuata ikatozwa Sh31,346.04 badala ya Sh25,600. Ukijumlisha mihula yote, riba imezidi kwa Sh13,571.52, na zaidi ya asilimia 40 yake imetokana na miezi hiyo minane ya mwisho. Ndiyo maana mkopaji anayesoma stetimenti ya mwaka wa kwanza haoni kasoro. Anayetaka kuligundua mapema asiangalie salio. Aangalie namba ya mkopo. Ikibadilika kila muhula, ajue mkopo wake unafungwa na kufunguliwa. Sisi tulishtuliwa na ripoti ya CRB, shirika linalotunza kumbukumbu za wakopaji, ambako mkopo huu mmoja umeandikwa kama mikopo minane, saba ikiwa imefungwa.

Kwenye ada ndiko tulikoumia zaidi, ijapokuwa stetimenti ya deni haionyeshi, kwa kuwa ada ilikatwa pembeni kutoka akaunti ya akiba. Kifungu cha 9 kinasema ada ya kushughulikia mkopo ni asilimia 2 ya kila awamu. Asilimia 2 ya Sh40,000 ni Sh800, na kwa awamu nane ni Sh6,400. Lakini topapu hutoza ada juu ya mkopo mpya wote, ukiwemo ule wa zamani uliokwisha kulipiwa ada muhula uliopita. Hivyo awamu ya pili ilitozwa Sh1,632, na ya nane Sh7,836.51. Fikirini hapo kidogo: kupeleka Sh40,000 chuoni kuligharimu karibu Sh8,000, yaani moja ya tano ya pesa zenyewe, kabla riba haijahesabiwa hata siku moja. Jumla ya ada ni Sh33,128.23. Ukitoa Sh6,400 za haki, zinabaki Sh26,728.23.

Riba iliyozidi na ada iliyozidi, ukizijumlisha, ni Sh40,299.75. Ni karo ya muhula mzima na chenji.

Hatudai kwamba kuna mtu aliyekaa chini akapanga jambo hili. Tunavyoelewa, mfumo wenu una menyu ya mkopo wa kawaida na menyu ya topapu, na afisa aliyehitaji kutoa pesa za muhula wa pili akatumia iliyokuwepo. Lakini mkataba haukusema "kwa namna mfumo utakavyoruhusu". Kama mfumo hauwezi kubeba mkopo wa awamu, kila awamu ingefunguliwa kama mkopo mdogo unaojitegemea, yote minane ikiwa hai pamoja, na hesabu ingetoka sawa.

Afisa wa dawati alitujibu kwa mdomo kwamba hakuna sheria iliyovunjwa, kwa sababu Kifungu 44A cha Sheria ya Benki kinakataza riba kuzidi deni la msingi, na riba yetu haijafika hapo. Jibu hilo halihusiani na swali letu. Kifungu hicho kinaweka kikomo cha kile benki inachoweza kudai pale mkopo unapokwama bila kulipwa, na mkopo huu haujakwama. Hata rejesho la kwanza halijafika. Sisi tunauliza kama mkataba umefuatwa. Tena kwa kuwa kimetajwa, tukumbushane kwamba kikomo hicho hupimwa kwa deni la msingi lililopo siku mkopo unapokwama. Deni la msingi likiwa limetuniswa kwa riba isiyostahili, kikomo nacho kinapanda nalo.

Kuna jambo la wadhamini pia. Mdhamini mmoja ni mwalimu huko Ahero na wa pili ana duka katika soko la Kibuye. Kila mmoja alitia sahihi mara moja, mwaka 2021, kudhamini Sh320,000 na riba kwa utaratibu wa kifungu cha 6. Kama kweli kila muhula ulikuwa mkopo mpya, basi kulikuwa na mikopo mipya saba ambayo hawakuitwa kuitia sahihi, wa mwisho ukiwa wa Sh391,825.48. Benki haiwezi kuuita mkopo mpya inapotoza ada kisha kuuita ule ule wa zamani inapomshika mdhamini. Wanahifadhi haki yao kuhusu hilo.

Tunaomba daftari la mkopo liandikwe upya kama mkopo mmoja wenye awamu nane, deni la tarehe 31 Agosti 2025 lisome Sh409,600. Tunaomba Sh26,728.23 zirudishwe katika akaunti ya akiba ya mkopaji, si kupunguzwa kwenye deni, kwa sababu zilitoka huko zikiwa taslimu; ziambatane na ushuru wa bidhaa uliokatwa juu ya sehemu hiyo ya ada, ambao hatukuuhesabu hapa. Na ile mikopo minane iliyoko CRB irekebishwe iwe mmoja.

Kuhusu ratiba ya marejesho, mmetupa miezi 36 kwa Sh14,055.35 kila mwezi, kwa riba ile ile juu ya salio linalopungua. Kwa deni la Sh409,600 rejesho ni Sh13,604.58. Tofauti ni kama Sh451 kwa mwezi, na kwa miaka mitatu inapita Sh16,200, kwa maana kile kilichozidi nacho kinatozwa riba mpaka mwisho. Mkopaji atalipa Sh13,604.58 tarehe 30 Septemba na kila mwezi baada ya hapo. Hicho ndicho kiasi kisichobishaniwa, kwa hiyo tunaomba kisiandikwe kama rejesho pungufu wala kupelekwa CRB kama deni lililochelewa wakati malalamiko haya yanashughulikiwa.

Nakala za risiti nane za chuo, stetimenti za miaka minne, kurasa za mkataba zenye vifungu vya 6 na 9, na hesabu yetu ya kila awamu zimeambatishwa. Mkiona kosa katika hesabu hiyo, tuonyesheni mstari wenyewe. Tunatarajia jibu la maandishi katika siku 14 tangu mpokee barua hii. Lisipokuja, faili hii itapelekwa kama ilivyo kwa Benki Kuu ya Kenya.

Wenu,

Mkopaji
Mdhamini wa kwanza
Mdhamini wa pili