Asilimia 36 ya nini?

Ndugu Mhariri, vichwa vya habari vya "dawa yapunguza hatari ya moyo kwa asilimia 36" vinatupoteza jamani. Hiyo 36 ilikuwa kwenye tangazo la Lipitor, dawa ya kushusha kolesteroli, kule Marekani, ikiwa na kinyota, na maandishi madogo chini yakasema waliopewa kidonge bandia kisicho na dawa walipata mshtuko wa moyo 3 kati ya 100, waliotumia Lipitor 2 kati ya 100. Utafiti wenyewe, ASCOT wa 2003, ulifuata watu wenye presha kwa miaka mitatu na kidogo.

Sasa toa 2 kwenye 3, unabaki na mtu 1, yaani watu 100 wameze dawa muda wote huo ili mmoja aepuke, wengine 99 matokeo yao hayabadiliki. Hapo hakuna uongo, maana 1 ni kama theluthi ya 3, ila 36 inauza gazeti (samahani mhariri).

Lakini msizitupe dawa! Mgonjwa ambaye hatari yake ni 20 kwa 100, punguzo lile lile la 36 linaokoa kama 7 kati ya 100 walio kama yeye, hapo inatosha kutibu 14 tu ili mmoja aepuke. Kwa hiyo waandishi wenu watupe namba zote mbili, asilimia na idadi kati ya watu 100, na muda.

Msomaji wenu, Tanga